Seyyid Said au soko la karafuu? Nisaidieni kuubana mjadala wa mtu na mfumo katika ukurasa mmoja

Kijana_wa_Mtambwe

Assalaam alaykum wapendwa. Niko Wete, nasomea ualimu wa historia, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu katupa kazi: tufupishe, kwa ukurasa mmoja wa A4 usiozidi maneno 400, ule mjadala wa kwamba historia inatengenezwa na watu binafsi au na nguvu za mfumo, yaani uchumi, biashara, jiografia na matabaka. Mfano uwe wa kwetu. Mimi nimechagua karafuu. Nimekulia chini ya mikarafuu na msimu uliopita nimechuma mwenyewe, nikachambua makonyo usiku pamoja na mama na dada zangu, kwa hiyo nikaona hapa ndipo ninapopajua.

Nimeandika mara nne na mara nne nimefuta. Kila nikimaliza naona nimeweka insha mbili zinazogombana, halafu mwisho nimezipatanisha kwa nguvu. Aya ya mwisho niliyobaki nayo ni hii:

"Seyyid Said aliona mbali akaamua kuifanya Zanzibar kuwa nchi ya karafuu. Kwa upande mwingine, nguvu za kiuchumi za karne ya 19 zilidai mabadiliko hayo. Kwa hiyo mtu binafsi na mfumo vyote viwili vina umuhimu."

Naisoma na naona haisemi kitu, lakini sijui ugonjwa uko wapi. Kazi naikabidhi Jumatatu.

Darajani_Juu

Ndugu yangu hilo jambo dogo. Punguza pambizo za kurasa, herufi weka saizi 10, nafasi kati ya mistari iwe moja. Utaingiza hata maneno 800 kwenye ukurasa mmoja. Mie ripoti zangu za kazini nafanya hivyo kila mwezi.

Kijana_wa_Mtambwe

Ahsante kaka, ila maneno yenyewe yamewekewa kikomo, 400. Tatizo langu si nafasi. Hata nikipewa kurasa kumi nadhani nitakwama palepale.

Mtoni_Kwetu

Mbona jibu liko wazi? Seyyid Said. Yeye ndiye aliyeleta karafuu kutoka Morisi, akatoa amri kwamba kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu, na asiyepanda ananyang'anywa shamba. Kisiwa chote kikageuka. Wapi tena unatafuta mfumo? Mfumo ulikuwa kichwani mwake. Andika hivyo, na maneno 400 hayatafika.

Bi_Kizimbani

Waalaykum salaam mwanangu. Nimefundisha historia skuli za Unguja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na aya kama hiyo yako nimeisahihisha mara nyingi mno. Ugonjwa uko kwenye vitenzi. "Aliona mbali", "aliamua", "zilidai". Umempa Said akili ya kuona miaka hamsini mbele, kisha ukaupa uchumi mdomo wa kudai. Uchumi hauna mdomo. Kila unapoandika kwamba nguvu fulani "ilidai" au "ilitaka", simama ujiulize: nani hasa alipoteza fedha, nani alipata, na akafanya nini baada ya hapo?

Chukua 1822. Mwaka huo Said alitia saini mkataba na Waingereza, ule wa Kapteni Moresby, uliokataza watumwa wa himaya yake kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wafaransa wa visiwa vya sukari, Morisi na Reunioni. Sasa fikiria mfanyabiashara wa Unguja ambaye mtaji wake wote uko kwenye biashara hiyo. Watu wanaendelea kuletwa kutoka bara kupitia Kilwa, lakini mlango wa kuwauza kusini umefungwa. Profesa Abdul Sheriff ndiye aliyeifafanua vizuri hatua hii: watu wale ambao hawakuweza tena kusafirishwa wakaingizwa mashambani hapahapa, na mazao yao ndiyo yakasafirishwa. Hapo umeuona mfumo bila ya kuupa mdomo. Una mkataba, una mlango uliofungwa, una mtaji unaotafuta pa kwenda.

Mtoni_Kwetu, nakuheshimu, lakini hapo mwanzo umeteleza. Miche ya karafuu haikuletwa na Said. Anayetajwa ni Saleh bin Haramil al-Abri, katika miaka ya 1810, na mashamba yake ya mwanzo yalikuwa Mtoni na Kizimbani, ndiyo maana jina langu hapa nimelichukua huko. Said alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alipofika, mikarafuu ilikuwa imeshatia mizizi. Baadaye akayachukua mashamba ya Saleh, na amri ya mitatu kwa mnazi mmoja ndiyo husimuliwa kuwa ni yake. Kwa hiyo si kweli kwamba hakufanya kitu. Ila alichofanya ni kukuza kitu kilichokuwapo, na kukitia mkononi mwake.

Mtoni_Kwetu

Bi mkubwa nimekubali la Saleh, sikulijua. Lakini hoja yangu haijafa. Morisi walikuwa na mikarafuu tangu 1770, Wafaransa waliiiba kutoka kwa Waholanzi kule Maluku. Walikuwa na watumwa, walikuwa na meli, walikuwa na wafanyabiashara. Mbona Morisi haikuwa nchi ya karafuu? Kwa sababu hawakuwa na Said. Hilo mfumo utalijibu vipi?

Bi_Kizimbani

Hilo ni swali zuri sana, na ndivyo mjadala huu unavyotakiwa kwenda: unalinganisha pahala pawili palipokuwa na miche ileile. Ila angalia kilichotokea Morisi. Waingereza waliiteka 1810, na mwaka 1825 ushuru wa sukari yake katika soko la Uingereza ukateremshwa ukawa sawa na wa visiwa vya Karibi. Mwenye shamba wa Morisi akawa na zao lenye mnunuzi wa uhakika. Kwa nini asumbuke na mti unaongoja miaka saba au minane ndipo uzae, katika kisiwa kinachopigwa na vimbunga? Mwenye shamba wa Unguja hakuwa na soko la sukari namna hiyo. Karafuu ilikuwa na bei kubwa kwa sababu Waholanzi walikuwa wameibana kwa muda mrefu, na sisi tukaingia wakati bei bado iko juu.

Sisemi nimekushinda. Bado unaweza kuniuliza kwa nini wenye mashamba wa Unguja walikwenda kwa kasi ile, na hapo mie siwezi kumtoa Said katika hesabu.

Mkanyageni_Halisi

Nawasoma tangu asubuhi na nna dukuduku. Nyote mnabishana kama aliyefanya ni Sultani au ni soko. Babu wa babu yangu alikuwa mtumwa katika shamba la karafuu hapa Pemba. Jina lake tunalo, kaburi lake hatulijui. Yeye ndiye aliyechimba mashimo, akatilia miche maji, akapanda mtini na kuchuma. Babu yangu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi, zilipogawiwa ardhi, na katika eka hizo imo mikarafuu mikongwe ambayo yeye hakuipanda. Leo mie nachuma mti ambao mtu wangu aliupanda bila ya kulipwa. Katika ukurasa wako, huyu mtu yuko upande gani? Ni mtu binafsi au ni mfumo?

Sikuuliza kwa ubishi. Nataka kujua kweli.

Kijana_wa_Mtambwe

Kaka, nimelisoma swali lako mara tatu. Katika rasimu zangu zote nne huyo mtu yumo ndani ya neno moja tu, "nguvukazi". Sikuwa nimeliona hilo.

Bi_Kizimbani

Mkanyageni, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Swali lako linaupasua mjadala wenyewe. Wakati Thomas Carlyle anahubiri Uingereza mwaka 1840 kwamba historia ya dunia ni historia ya watu wakubwa, mzee wako pengine alikuwa shimoni anapanda. Waliompinga Carlyle wakaja na matabaka, uzalishaji, hali ya hewa, bahari, na mara nyingi nao wakamgeuza mzee wako kuwa tarakimu. Kambi zote mbili zinaweza kumpoteza.

Mie nakujibu hivi, na wengine wanaweza kunipinga. Mzee wako alikuwa mtu mwenye maamuzi, lakini nafasi ya maamuzi yake ilikuwa nyembamba mno. Watumwa walitoroka, walifanya kazi polepole, walijadiliana na mabwana juu ya siku za kulima konde zao wenyewe. Yale yote yalikuwa na athari kwenye namna shamba lilivyoendeshwa. Said naye alikuwa na nafasi pana zaidi, lakini si isiyo na mpaka. Kwa hiyo badala ya kuuliza "mtu au mfumo", mwanafunzi wetu aulize kila mmoja alikuwa na nafasi ya upana gani, na nani alimuwekea ule mpaka.

Na huo mti wako una somo jengine. Mkarafuu unaishi muda mrefu. Uliopandwa kwa amri ya mtu mmoja katika miaka ya 1830 ulianza kuzaa karibu na 1840, kisha ukaendelea kuzaa baada ya aliyeamrisha kufa mwaka 1856. Kwa yule aliyezaliwa baadaye, mti ule si uamuzi wa mtu tena. Ameukuta. Kodi inategemea mti ule, madeni kwa wakopeshaji wa Kihindi yamewekewa rehani mti ule, msimu wa kazi unapangwa na mti ule. Uamuzi wa mtu umeshakuwa mfumo wa mjukuu.

Kisiwandui_Mpya

Mie naona mmejichosha na karafuu. Mfano mkali upo: John Okello. Mtu katoka Uganda, kafanya vibarua Pemba, kisha usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali inaanguka. Mtu mmoja kabadilisha kila kitu.

Bi_Kizimbani

Okello huyohuyo alikuwa ameshatolewa nchini kabla ya mwezi wa Machi kumalizika. Kama mtu mmoja ndiye aliyebadilisha kila kitu, ilikuwaje akasukumwa pembeni ndani ya miezi miwili na mambo yakaendelea bila yeye? Kwa maneno 400 mwanangu atazama katika bahari hiyo, na wapo wazee hapa ambao siku hiyo haijawatoka. Na wasimulizi wenyewe hawajakubaliana Okello alikuwa na uzito gani usiku ule. Abaki na karafuu.

Kisiwandui_Mpya

Mie bado naona 1964 ndiyo mfano wenyewe, lakini sawa, kazi ni yake.

Kijana_wa_Mtambwe

Nina swali jengine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Upepo ule si mtu, na nadhani si mfumo pia. Niuweke wapi?

Mtoni_Kwetu

Uweke kwenye mfumo. Jiografia.

Bi_Kizimbani

Sikubaliani. Kaskazi na kusi ni mfumo: zinakuja kila mwaka, na biashara yote ya majahazi imejipanga kuzifuata. Kimbunga kile kilikuwa tukio. Hakuna aliyepanga mashamba yake akikingoja, maana Unguja haikuzoea vimbunga. Lipe jina lake, bahati mbaya, na ulipe mstari wake. Wanafunzi wengi huificha bahati ndani ya mfumo ili ukurasa uonekane umekamilika.

Lakini usiishie kwenye upepo. Mti uliopandwa 1872 usingezaa kabla ya 1879 au 1880. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, chini ya tishio la manowari za Waingereza kuizingira Zanzibar. Mwenye shamba wa Unguja akawa hana miti, na kupata watu wa kupanda upya kumekuwa kuzito. Mwenye shamba wa Pemba ana miti inayozaa na bei imepanda. Upepo ulikuwa wa siku moja. Kilichoufanya udumu miaka mia na zaidi ni mambo hayo yaliyokuwa yanaungoja.

Kijana_wa_Mtambwe

Nimekaa nao usiku kucha. Huu hapa ukurasa. Naomba mniambie ukweli.

*Kwa nini Unguja na Pemba zikawa visiwa vya karafuu katika karne ya 19, na kwa nini kwa namna ile?*

*Wanaoanza na mtu wanamtazama Seyyid Said bin Sultan. Husimuliwa kwamba aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, naye alichukua mashamba ya Saleh bin Haramil, aliyeleta miche katika miaka ya 1810. Maelezo haya yanafafanua kasi ya upandaji na kwa nini mashamba mengi yakawa ya ukoo wa mtawala na watu wake. Hayafafanui kwa nini amri ilitekelezeka.*

*Wanaoanza na mfumo wanatazama mlango uliofungwa na mkataba wa 1822. Wafanyabiashara walizuiwa kuwauzia watumwa Wafaransa wa visiwa vya sukari, na bei ya karafuu ilikuwa bado juu. Maelezo haya yanafafanua kwa nini kilimo cha mashamba makubwa kilianza wakati ule. Hayafafanui kwa nini kilikwenda haraka kiasi kile.*

*Kipimo kimoja ni Morisi, iliyokuwa na mikarafuu tangu 1770 lakini ikachagua sukari, ambayo tangu 1825 ilikuwa na ushuru nafuu Uingereza. Miche na watumwa peke yake havikutosha. Palihitajika pia pasiwe na zao bora zaidi. Kipimo cha pili ni bei. Miti iliyopandwa katika miaka ya 1830 ilipozaa, karafuu zikajaa sokoni na bei ikaanguka katika miaka ya 1840. Mtawala aliyeweza kuamuru upandaji hakuweza kuamuru bei.*

*Kimbunga cha 1872 hakimo katika kambi yoyote. Kiliharibu Unguja na kuiacha Pemba. Lakini athari yake ilidumu kwa sababu mkarafuu unangoja miaka saba au minane, na kwa sababu mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa.*

*Kambi zote mbili huwasahau waliopanda. Watumwa hawakuwa nguvukazi tu. Walitoroka, waliburuta kazi, walidai siku za kulima konde zao. Nafasi yao ya kuamua ilikuwa nyembamba kuliko ya Said, lakini ilikuwapo.*

*Msimamo wangu: wakati na mahali vinafafanuliwa zaidi na soko na mkataba, kasi na umiliki vinafafanuliwa zaidi na Said, kuhamia Pemba kulianza kwa bahati. Kisha miti ile ikawa mfumo kwa waliozaliwa baadaye.*

Bi_Kizimbani

Hapo mwanangu umeandika. Nimependa kwamba kila kambi umeipa inachofafanua na isichofafanua, na zote zimejibu swali moja. Rasimu yako ya kwanza kila kambi ilikuwa inajibu swali lake.

Mambo mawili. "Ikachagua sukari": Morisi haikuchagua, waliochagua ni wenye mashamba wa Morisi. Na pale kwenye bei, usiache aliyesoma adhani ni Said peke yake aliyejaza soko. Wenye mashamba wengi walipanda, wengine kwa amri, wengine kwa tamaa ya bei ya juu. Kila mmoja alifanya jambo la akili kwa upande wake, na wote pamoja wakaiangusha bei.

Mtoni_Kwetu

Mie nabaki na pingamizi moja. Umeandika wakati unafafanuliwa "zaidi" na soko. Zaidi kwa kipimo gani? Mtoe Said mwaka 1828, uniambie karafuu zingeenea lini. Miaka kumi baadaye? Thelathini? Kama ni thelathini, bei ingekuwa imeshaanguka kwa sababu nyengine na pengine zisingeenea kabisa. Kwa hiyo kasi na wakati si vitu viwili.

Bi_Kizimbani

Hilo umelisema vizuri na sina jibu la kulimaliza. Kwa zao linalongoja miaka minane, kuchelewa kidogo ni kuikosa bei. Kijana, ondoa "zaidi" kwenye wakati, au uweke sentensi moja ya Mtoni_Kwetu. Mie ningeiweka sentensi.

Kijana_wa_Mtambwe

Nimeiweka. Hata hivyo sijazidi 400. Morisi nimeirekebisha, ni wenye mashamba.

Mkanyageni_Halisi

Nashukuru kwa aya ya waliopanda. Nna ombi. Umeandika "walidai siku za kulima konde zao". Kwetu huku bibi alikuwa akisema siku hizo zilikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Kama unaweza kuhakikisha, zitaje. Mtu akisoma Alkhamisi na Ijumaa atamuona mtu.

Kijana_wa_Mtambwe

Kesho baada ya sala ya adhuhuri nakuja Mkanyageni, in shaa Allah. Kama bibi yupo, au kuna mzee mwengine anayekumbuka, naomba nikae naye. Nitakuja na daftari.

Mkanyageni_Halisi

Bibi ametangulia. Dada yake yupo, anasikia vizuri bado. Ukishuka kwenye gari niulizie dukani, watakuleta.